Wanja wa Chuma

Mlinzi alipiga hodi kwenye kontena la ofisi huku akijikuna kisogo, akasema nje kuna mama mmoja mwenye mwavuli mweusi, hana miadi na mtu na hataki kuondoka.

"Anasema anataka kumwona anayetazama chuma," alisema. "Nimemwambia mama, hapa wote tunatazama chuma, hatuna kingine cha kutazama. Hakucheka hata kidogo."

Mkaguzi wa rangi aliweka chini kalamu yake. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye tabia ya kutazama kitu mara mbili kabla ya kukisemea. Mafundi walimpa jina la Kioo kwa sababu hakutembea bila kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, mfano wa kile cha daktari wa meno. Kwa kioo hicho aliona nyuma ya vyuma na chini ya mihimili, mahali ambapo jicho la mtu mvivu halifiki na la mtu mwenye haraka halitaki kufika. Walimtania kwamba siku akiolewa atamkagua bwana harusi nyuma ya masikio. Naye aliwajibu kwamba bwana harusi mwenye kutu hamtaki.

Alitoka nje. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Mama yule alisimama kando ya lundo la mabomba ya jukwaa, mwavuli umefungwa, ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto barabarani. Hakuwa mzee. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amelala vibaya kwa muda mrefu akazoea.

Baada ya salamu alijieleza kwa maneno machache. Mumewe alikuwa mkata tiketi wa kivuko. Alikuwa amesimama pembeni mwa daraja la abiria, lile la zamani, pale mwisho kabisa upande wa bahari, siku mkono wa chuma uliolibeba ulipokatika. Kioo hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana gati lote lilikuwa likitengenezwa kwa sababu ya siku ile. Mikono ya zamani ilikuwa imeondolewa, mipya imefungwa, na sasa kilichobaki ni rangi ya kuikinga na bahari.

"Kila mwaka walikuwa wanalipaka," mama alisema. "Linang'aa kama meno ya mtangazaji. Yeye mwenyewe alikuwa akijisifu, akisema nafanya kazi mahali pasafi. Kumbe chini palikuwa pameoza."

Aliomba aonyeshwe mahali pale. Kioo alimvalisha kofia ngumu, akampeleka hadi penye kamba ya usalama, akamwonyesha mkono mpya wa mwisho: kipande cha chuma kilichotokeza kutoka kwenye mhimili kama kiwiko cha mtu aliyebeba sinia, chini yake kimeshikizwa kwa bamba la pembetatu. Wakati huo ulikuwa na rangi ya kwanza tu, ya zinki, kijivu kisicho na mng'ao, ukwaru wake kama ulimi wa paka. Mama aliutazama kwa muda.

"Nani anatazama chini yake?"

"Mimi."

"Na wakikuharakisha?"

Kioo angeweza kumsomea masharti ya kazi, maana aliyajua kama mtu anavyojua sala. Chuma kipigwe mchanga mpaka kikaribie weupe. Kioshwe kwa maji matamu mpaka chumvi isomeke chini ya kiwango. Kingo kali zisagwe ziwe duara. Rangi ya zinki, kisha rangi nzito ya kati, kisha rangi ya juu, kila moja na unene wake kwa mikroni, kila moja na rangi tofauti na ya chini yake ili pengo lionekane. Lakini aliuona ule mwavuli unavyobanwa, akaona kwamba masharti si jibu.

"Nitalala chini yake mwenyewe," alisema. "Kabla haujafunikwa. Halafu nitakupigia simu nikuambie nilichokiona."

"Ulichokiona," mama alirudia. "Si unachofikiri nitapenda kusikia."

"Nilichokiona."

Mama akampa namba yake, akavua kofia ngumu, akaifuta ndani kwa ncha ya kitambaa chake kabla ya kuirudisha, akaenda zake.

*

Msimamizi wa mafundi wa rangi alikuwa mjomba wake Kioo, kaka wa mama yake. Jambo hilo Kioo alilitangaza mapema kwa mhandisi wa mradi, naye mhandisi alicheka akasema mji huu ukianza kukataza ndugu kufanya kazi pamoja, gati litajengwa na samaki. Basi likapita.

Baba yake Kioo alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea. Likizo za shule alikwenda naye kazini, akakaa kivulini akinusa rangi na kusikiliza. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo chuoni walikuja kumrudishia likiwa limevaa suti: kwamba rangi huogopa ukingo. Mjomba alikuwa akimwonyesha kwa ncha ya kisu. Ukimimina rangi juu ya chuma bapa, inatulia, inanenepa. Lakini penye ukingo, penye kona, penye kichwa cha bolti na penye mshono wa kuchomelea, inapokauka inajivuta nyuma na kuuacha ukingo na nguo nyembamba. Kutu nayo si mjinga; inabisha hodi mlango usio na komeo. Ndiyo maana kabla ya kupuliza rangi ya kati kwa bomba, fundi huchukua brashi ndogo akazipaka kingo zote kwanza, mkanda mwembamba, akiisugulia rangi iingie.

Mafundi wa pale waliita kazi hiyo kupaka wanja. Mjomba ndiye aliyeleta jina hilo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mkono uliotulia kama wake, wakamwita Mzee Wanja. Mikono yake ingeweza kuzunguka kichwa cha bolti kwa pumzi moja bila kuacha nywele ya brashi. Alipenda kusema kwamba chuma ni bibi harusi: mwili mpake utakavyo, macho yake usipoyapaka vizuri hajapambwa.

Katika gati hili upande wa nchi kavu aliwaachia vijana wapake wanja, naye akawasahihisha. Lakini upande wa bahari, pale mkata tiketi alipoangukia, aliwaambia waweke brashi chini.

"Hapa nitapaka mwenyewe," alisema. "Kuna mtu anatudai hapa."

Kioo alisikia maneno hayo akafurahi, maana ni yeye aliyemsimulia habari za mama mwenye mwavuli. Kulikuwa na mambo mengine aliyoyaona siku zile, lakini hayakumfurahisha, akayapisha yapite. Mjomba alimimina chai ikapita kando ya kikombe, akaulaumu mkono wa birika. Mjomba alimpa kopo la rangi akamwambia msomee maandishi kwa sauti, eti miwani ameiacha nyumbani, na kila siku miwani ikawa nyumbani. Akishuka ngazi alitanguliza mguu hewani, akakitafuta kipandio cha ngazi kama mtu anayepima joto la maji. Kioo, aliyezoea kutazama kila kitu mara mbili, haya aliyatazama mara moja tu. Mtu akiwa ni jicho lako, hulikagui.

*

Asubuhi ya kukagua wanja, hali ya hewa ilikuwa imenuna. Mawingu yalikuwa yamejipanga juu ya bahari, na upepo ulikuwa ukibeba unyevu. Kioo alipima joto la chuma na unyevu wa hewa, akakuta bado kuna nafasi: chuma kilikuwa na joto la kutosha juu ya kiwango cha umande, lakini nafasi ile ilikuwa ikipungua. Mhandisi alikuwa akitembea huku na huku na simu sikioni. Kivuko kilikuwa kimetangazwa kuanza tena, watu wameshaalikwa, na kiongozi fulani alikuwa ameshaandaliwa utepe wa kukata.

Kituo hiki cha ukaguzi kilikuwa cha kusimama. Masharti yalisema wazi: rangi ya kati isipulizwe mpaka mkaguzi aone wanja akubali. Sababu yake ni rahisi. Kipimo cha unene hukiweka kwenye chuma bapa kikakuambia mikroni ngapi, lakini penye ukingo kinapotosha. Hapo hakuna kipimo ila jicho. Na rangi ya kati ikishapita, jicho nalo halina kazi. Wanja uwepo usiwepo, juu patang'aa vilevile.

Kioo alipopanda jukwaani alimkuta mpuliza rangi, jamaa mnene mpole waliyemwita Bunduki, ameshachanganya rangi ya kati na dawa yake ya kugandisha. Ndoo imejaa. Rangi ya namna hiyo ikishachanganywa haingoji mtu. Baada ya muda inakuwa jiwe ndani ya ndoo.

"Nani amekuambia uchanganye?" Kioo aliuliza.

Bunduki alionyesha kwa kidevu. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ubao, miguu inaning'inia, anatabasamu.

"Kapaka Mzee Wanja," mjomba alisema, "wewe unakagua nini tena? Unakagua mvua isinyeshe?"

Vijana wakacheka. Kioo naye akacheka, maana ilikuwa vizuri kucheka. Alianza na chuma bapa. Alihakikisha kipimo chake kwenye bamba la majaribio, akakiweka huku na huku kwenye zinki. Namba zilikuwa nzuri, hakuna iliyoanguka chini. Kisha akalala chali kwenye mbao, akajisukuma kwa visigino mpaka kichwa kikawa chini ya mkono wa mwisho, akawasha tochi, akainua kioo.

Wanja ulikuwa mwekundu wa matofali juu ya zinki ya kijivu. Aliuona mara moja. Mstari ulikuwa umenyooka, upana wake sawa mwanzo hadi mwisho, mstari wa mkono ambao haukutetemeka popote. Ila haukuwa ukingoni. Ulikuwa umekwenda sambamba na ukingo, kwa upana wa kidole ndani yake, juu ya chuma bapa kisichouhitaji. Ukingo wenyewe ulikuwa kijivu kitupu. Ilikuwa kama uso uliopakwa wanja shavuni.

Akahamisha kioo. Nyuma ya bamba la pembetatu, kwenye kona ya ndani ambako mshono ulipinda, hapakuwa na kitu. Kwenye bolti moja brashi ilikuwa imezunguka kwa uangalifu mkubwa, duara kamili, pembeni ya kichwa cha bolti.

Alibaki amelala. Juu yake aliona mwanga wa bahari ukicheza kwenye chuma. Alisubiri jicho lake limwambie kwamba limekosea, halikumwambia. Akajisukuma hadi mkono wa pili, na wa tatu. Yote ilikuwa hivyo hivyo: unyoofu ule ule, ustadi ule ule, mahali pasipo.

Alipotoka, mhandisi alikuwa amefika chini ya ngazi, akimwita aseme sawa Bunduki aanze, mawingu hayasubiri. Kioo alimpungia mkono asubiri. Alimwendea mjomba, akakaa karibu naye ubaoni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wanja haukushika kingo.

Mjomba alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki. Akaomba kioo. Akalala kwa shida, akauinua mkono wake uliotulia, akaelekeza tochi, akatazama muda mrefu sana, zaidi ya alivyohitaji mtu anayeona.

"Naona uko sawa," alisema.

Hapo Kioo akajua kila kitu, na kile kikombe cha chai, na miwani, na mguu unaopapasa hewani, vyote vikaja kwa pamoja vikakaa mbele yake kama wageni waliochelewa. Hakubishana. Aliushika mkono wa mjomba, akachukua kidole chake cha shahada, kile kidole kilichomfundisha ukwaru wa zinki na utelezi wa rangi nzito kabla hajajua kusoma kipimo, akakiweka juu ya wanja mkavu. Laini. Akakisogeza taratibu kuelekea ukingoni. Wanja ukaisha. Kidole kikapanda kwenye ukwaru, kikavuka upana wote wa ukwaru, kikafika ukingoni, kikasimama.

Mjomba alikirudisha kidole mwenyewe, akaanza upya. Akajaribu bolti. Akajaribu kona ya ndani. Macho alikuwa ameyafumba sasa. Alipomaliza alibaki chali, mkono umelala kifuani.

"Vijana wasijue," alisema.

"Mjomba."

"Mwambie Bunduki apige nzito hapa. Mara mbili. Itafunika."

Yeye aliyesema maneno hayo ndiye aliyewahi kumfukuza fundi kazini kwa kuyasema. Rangi nzito haikai ukingoni, inateleza inaning'inia kama nta ya mshumaa, na kwenye kona ikikauka inapasuka. Wote wawili walijua.

"Nikamilishe gati hili," mjomba alisema. "Hili tu, mwanangu. Nikimaliza nitawaambia mwenyewe kwamba nimechoka. Nitaondoka kwa miguu yangu."

Chini mhandisi aliita tena. Bunduki alikuwa akikoroga ndoo kwa kijiti, taratibu, akitazama pembeni kwa adabu. Kioo alifikiria njia zote. Achukue brashi azipitie kingo mwenyewe? Mikono yote ya upande wa bahari, mbele ya watu wote, kabla rangi haijaganda? Na mkaguzi anayejipakia halafu akajikubalia amekagua nini? Alifikiria pia kwamba watu hawangejua kwa miaka. Kutu ina subira. Ingekuja polepole chini ya rangi inayong'aa, na siku moja mkata tiketi mwingine angesimama pembeni akijisifu kwamba anafanya kazi mahali pasafi.

Alichukua chaki kutoka mfukoni. Akapiga alama ya msalaba kwenye mkono wa mwisho, na kwenye uliofuata, na uliofuata. Kila alama ilitoa mlio mdogo, na mjomba alizisikia zote.

"Upande wote wa bahari umekataliwa," alimwambia mhandisi kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Wanja urudiwe."

*

Rangi ya Bunduki iligandia kwenye ndoo, kijiti kimesimama katikati kama mlingoti. Mvua ilinyesha mchana ule ule. Utepe wa kiongozi uliahirishwa, mhandisi akaandika barua kwa mkandarasi, mkandarasi akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: fundi mwenye jina kama lile alikosaje ukingo? Wakampeleka mjomba apimwe macho.

Daktari hakuwa na maneno mengi. Presha ya macho ilikuwa imeyala kimyakimya kwa miaka, kutoka pembeni kuelekea katikati. Dawa ingelinda kidogo kilichosalia. Kilichokwenda hakirudi. Mjomba aliuliza kama miwani yenye nguvu zaidi isingesaidia, naye daktari akatikisa kichwa. Mama yake Kioo, aliyekuwa amewasindikiza, alisimulia baadaye kwamba kaka yake aliinuka, akavaa kofia yake, akasema wanja wa manga si dawa ya chongo, akacheka peke yake mpaka nje.

Tangu siku hiyo hakumwita tena mpwa wake mwanangu. Alimwita mkaguzi. Kioo alipokwenda kumsalimu, mjomba aliitikia marahaba akageuza uso upande wa redio. Mkewe ndiye aliyeleta chai, naye ndiye aliyejaza ukimya kwa habari za majirani.

Jioni moja, redio ikiwa imezimwa, mjomba alimwambia mkewe, ingawa Kioo alikuwa amekaa mkono mmoja kutoka kwake:

"Muulize mkaguzi, baada ya mvua ile wameiosha zinki kwa maji gani?"

Mkewe akamtazama Kioo, aibu tupu.

"Ya bomba," Kioo alisema. "Si ya kisima. Kulikuwa na unga mweupe wa chumvi ya zinki, tumeusugua kwa brashi ngumu ukatoka. Tumepima chumvi, iko chini ya kiwango."

Mjomba alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya mgonjwa wa mbali. Hakuuliza lingine.

Mama yake Kioo, aliyekuwepo jioni ile, alimsindikiza binti yake mpaka njiani. Hakumlaumu kwa kusimamisha kazi. Chuma ni chuma. Alimwomba jambo moja. Yule mama mwenye mwavuli asiambiwe. Mwambie tu kwamba kila kitu ni sawa, kwa sababu sasa ni sawa. Maneno yana miguu. Kesho mji mzima utasema Mzee Wanja alikaribia kuua watu wengine pale pale, na huyo mtu ametumia maisha yake yote akizuia kutu.

"Amebakiwa na jina tu," mama yake alisema. "Na hilo nalo unataka kulikwangua?"

Kioo alimuaga, akaenda zake. Usiku alijigeuza kitandani akijaribu kutengeneza sentensi ambayo ingekuwa kweli na isingemgusa mtu. Hakuipata.

*

Wanja ulirudiwa na mafundi wawili ambao mjomba mwenyewe alikuwa amewafunza. Walifanya kazi bila utani. Mmoja wao, kila alipofika kwenye bolti, alivuta pumzi kabla ya kuzungusha brashi, mtindo wa mzee, bila kujua kwamba anaigiza.

Asubuhi ya ukaguzi bahari ilikuwa imetulia na mbingu ni safi. Bunduki alikuwa amekaa juu ya ndoo mbili ambazo hazijafunguliwa, mikono magotini, kama mtoto anayengoja kuruhusiwa kula. Kioo alipima hewa, akapima chuma, kisha akalala chali kwenye mbao zile zile, akajisukuma kwa visigino. Alama yake ya chaki ilikuwa imeoshwa pamoja na chumvi. Akawasha tochi, akainua kioo.

Alianzia ukingo wa nje. Mwekundu, umeukumbatia ukingo pande zote mbili. Bolti, kila moja na duara lake kichwani. Akapenyeza kioo nyuma ya bamba la pembetatu, kwenye kona ya ndani ambako mshono ulipinda. Wanja ulikuwa umeingia hadi mwisho, umesuguliwa, hakuna tundu. Akarudia mara ya pili, kama desturi yake. Kisha, bado amelala, akatoa simu.

Iliita kwa muda mrefu.

"Ni mimi wa gati," alisema. "Nimelala chini yake."

Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kikivutwa. "Niambie."

Kioo akamwambia. Alimwambia anachokiona wakati ule, ukingo kwa ukingo, mpaka kwenye kona ya ndani. Hapo angeweza kuishia. Mama alikuwa ameshaanza kushukuru.

"Ngoja," Kioo alisema. "Hii ni mara ya pili kulala hapa. Mara ya kwanza nilikuta kingo ziko wazi. Kama wangepuliza siku ile, pangeoza tena."

"Nani alikuwa amepaka?"

Karibu na uso wake, chuma kilikuwa kinapata joto la jua. Alisikia Bunduki akikohoa kule nje.

"Mjomba wangu. Macho yake yamekwisha, na hakuna aliyejua. Vijana walikuwepo wa kupaka, lakini alisema hapa apake mwenyewe. Kwa sababu ya mume wako."

Akasogeza kioo kidogo, mwanga ukapita tena juu ya ule mstari mwekundu.

"Na wewe ndiye uliyemsimamisha," mama alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Anaongea na wewe?"

Kioo alitikisa kichwa, kana kwamba mtu angemwona pale chini.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Haya, inuka. Umeshaona."

Hakuinuka mara moja. Alipojisukuma nje hatimaye alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akakunja mpini wa kioo, akainuka. Bunduki alisimama kutoka kwenye ndoo zake, akimtazama bila kuuliza.

"Changanya," Kioo akamwambia.